Dondoo muhimu: Kuusaka wimbo wa Kitaita

Maneno ya wimbo wa Kitaita hayapo mtandaoni? Andika siku na saa ulipousikia redioni, kisha wasiliana na Mwanedu FM ya Voi baada ya kipindi. Mtangazaji aliye hewani hana nafasi ya kukusikiliza. Tuma kiitikio kwa ujumbe wa sauti (wenye haya waimbe lahani tu bila maneno), kwani wengi hukumbuka lahani kuliko jina. Taja kama ni Kidawida au Kisaghala, usije ukaletewa wimbo mwingine. Redioni utapata zaidi jina la mwimbaji au rekodi. Maneno waombe wanakwaya au chama cha Wataita mjini kwako: wawili wayaandike kila mmoja peke yake, na wanapotofautiana, sikilizeni mstari huo tena pamoja.