Kutoka mapitio ya utafiti hadi ukurasa mmoja: zinki kwa mtoto anayeharisha

Mapitio ya kimfumo hukusanya tafiti zote zinazojibu swali moja na kuzipima kwa pamoja. Mwaka 2016 shirika la Cochrane lilitoa mapitio kuhusu zinki kwa watoto wanaoharisha, yenye tafiti 33 na watoto zaidi ya 10,000. Tulipoyaandika upya kwa ajili ya wahudumu wa afya ya jamii, tulijifunza mambo matatu.

1. Hesabu watoto, siyo asilimia. Kwa watoto wenye umri wa zaidi ya miezi sita, mapitio yanatoa uwiano wa 0.73 kwa hatari ya kuendelea kuharisha hadi siku ya saba. Sisi tuliandika, "Zinki hupunguza hatari kwa asilimia 27." Mama mmoja mhudumu alipoombwa aeleze kwa maneno yake, alisema, "Katika watoto 100, 27 watapona." Kosa lilikuwa letu. Tukachukua mfano: ikiwa bila zinki watoto 15 kati ya 100 bado wanaharisha siku ya saba, 15 mara 0.73 ni karibu 11. Tukaandika, "Bila zinki, watoto 15, kwa zinki, watoto 11." Hiyo 15 ni ya mfano tu. Tafuta idadi inayofanana na hali ya eneo lenu.

2. Neno lioneshe uhakika. Mapitio yanakadiria kwamba zinki hupunguza muda wa kuharisha kwa saa 11 hivi, lakini ushahidi huo una uhakika mdogo. Hivyo tuliandika "huenda ikapunguza karibu nusu siku". Kwa matokeo ya siku ya saba, yenye uhakika wa wastani, tuliandika "inaelekea". Kwa watoto wenye dalili za utapiamlo uhakika ni mkubwa, kwa hiyo tuliandika bila kusita: "hupunguza karibu siku moja".

3. Usifiche madhara wala mipaka. Rasimu yetu ya kwanza haikutaja kwamba inaelekea zinki huongeza kutapika. Mama asiyeambiwa mapema akiona mtoto anatapika, ataacha dawa. Pia, kwa watoto wa chini ya miezi sita, huenda zinki isilete nafuu. Kuhusu umri na dozi, tuliwaelekeza wahudumu kwenye mwongozo wa wizara ya afya, kisha tukaongeza kwa herufi kubwa: ZINKI HAICHUKUI NAFASI YA ORS.

Kabla ya kuchapa, wape wahudumu watano au sita ukurasa wako, kila mmoja peke yake. Usiwaulize kama wameelewa, maana watajibu ndiyo. Waulize: "Utamwambia nini mama mwenye mtoto wa miezi minane? Na wa miezi mitatu? Mtoto akitapika je?" Wawili wakikosea mahali pamoja, sahihisha sentensi hiyo, kisha ijaribu tena kwa watu wengine.