Dondoo muhimu: Kabla mkaguzi wa nje hajafika

Kampuni nyingi za Tanzania hufunga hesabu Desemba 31. Mkaguzi akitaka kuja Machi, mwombe aepuke siku za kuelekea tarehe 7, siku ya mwisho ya PAYE, na tarehe 20, siku ya mwisho ya VAT. Siku hizo mhasibu hana nafasi ya kujibu maswali. Hakikisha pia kwamba mwenye kuidhinisha malipo hayuko likizo.

Barua za kuthibitisha salio la benki zisainiwe mapema, kwa kuwa majibu hukawia. Mkaguzi ndiye azitume, na benki imjibu yeye moja kwa moja.

Andaa urari uliokwisha kufungwa, leja, vocha na viambatisho vyake, mikataba, rejesta ya mali na orodha ya wadaiwa inayolingana na leja. Kinachosahaulika zaidi ni taarifa ya benki ya Januari. Tuseme usuluhisho wa Desemba unaonyesha hundi ya shilingi 2,000,000 ambayo haijapita benki. Taarifa ya Januari ikionyesha imelipwa tarehe 9, hoja imekwisha. Isipoonekana hata Februari, mwulize aliyeandikiwa kabla mkaguzi hajauliza.