Baba Mjane Anapooa Tena

Kifo hukata kifungo cha ndoa. Kwa hiyo mume aliyefiwa na mkewe anaweza kuoa tena mbele ya Kanisa. Lakini kifo hakikati kifungo cha baba na watoto wake. Ndiyo sababu kanuni ya 1071 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inamkataza Padri, isipokuwa kwa lazima, kumfungisha ndoa bila ruhusa ya Askofu au makamu wake mtu mwenye wajibu kwa watoto wa muungano uliotangulia. Basi mjane asikasirike akiulizwa: Watoto wako watakaa wapi? Mali ya mama yao iko wapi?

Swali la pili husahauliwa mara nyingi, kwa maana watu hudhani mali ya marehemu imekuwa ya mumewe. Sivyo. Sheria ya Jamaa ya Kongo, ya mwaka 1987, huwapa watoto wa marehemu sehemu tatu kati ya nne za urithi, nao hugawana sawasawa, wavulana na wasichana. Sehemu moja iliyobaki ni ya mume au mke aliyebaki, pamoja na wazazi na ndugu za marehemu.

Tazameni mfano. Mama mmoja amefariki, ameacha watoto watatu na mbuzi 8 waliokuwa mali yake mwenyewe. Mbuzi 6 ni wa watoto, wawili kwa kila mmoja. Baba anawachunga tu. Baadaye anaoa, anazaa watoto wawili na mke wa pili, kisha anafariki, akiwa na mbuzi 20 wake mwenyewe. Kwanza watolewe wale 6 wa mama wa kwanza. Halafu katika wale 20, watoto wote watano wapate 15, yaani watatu kwa kila mmoja. 5 ni wa mjane, wazazi na ndugu. Lakini kama hakuna maandiko, wote 26 watahesabiwa kuwa wa baba, na yatima watagawana mali ya mama yao na watu wasiohusika nayo.

Kwa hiyo, kabla ya arusi, baba aandike mali ya marehemu: mifugo, shamba na mipaka yake, cherehani, vyombo. Wajomba wa watoto wawepo, mchumba naye asikie, mashahidi watie sahihi. Karatasi moja ibaki kwa wajomba, maana iliyo nyumbani yaweza kupotea, au kupotezwa.

Hatari nyingine huja pole pole. Mtoto anakula peke yake, anaachishwa shule, mwishoni anaitwa mchawi. Akifukuzwa, hakuna wa kudai mbuzi wake. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya mwaka 2009 ya kulinda watoto humtia kifungoni afanyaye hivyo. Mjomba anayesikia neno hilo asingoje kikao cha ukoo. Aende siku ile ile kumchukua mtoto, na kutoa habari kwa wakubwa wa serikali.