Stendi ya Miguu Mitatu: Namna ya Kupata Nguvu ya Kila Mguu

Mafundi wanaotoa pampu kisimani husimamisha mabomba matatu ya chuma, huyafunga pamoja kichwani na kuning'iniza cheni ya kunyanyulia. Wengi hugawa uzito kwa tatu na kudhani wamemaliza. Hesabu hiyo ni potofu kwa sababu mguu ulioinama hubeba zaidi ya fungu lake la uzito. Tena, ukuta au shimo likikulazimisha kusogeza mguu mmoja, mafungu yenyewe hayawi sawa.

Tuchukue stendi ambayo kichwa chake, D, kiko mita 4 juu ya ardhi, wima juu ya kisima. Mzigo ni kilonyutoni 10, yaani uzito wa karibu tani moja. Uzito wa mabomba tuuache kwanza, na tuchukulie kwamba kiungo cha kichwani kinaruhusu kila mguu kuzunguka, hivyo nguvu hupita kwa urefu wa bomba tu.

Kwanza, pima. Weka sifuri katikati ya kisima, kisha andika mahali pa kila mguu kwa mita:

```
D (0, 0, 4)
A (3, 0, 0)
B (-2, 4, 0)
C (-2, -4, 0)
```

Pili, toa nafasi ya D katika nafasi ya kila mguu ili upate vekta yake. Kwa DA ni (3, 0, -4), na urefu wake ni kipeuo cha pili cha 9 + 0 + 16, yaani mita 5. Vekta za DB na DC ni (-2, 4, -4) na (-2, -4, -4), na kila moja ina urefu wa mita 6.

Tatu, usihangaike na pembe. Gawa nguvu ya kila mguu kwa urefu wake, uite matokeo a, b na c. Ukizidisha a kwa vekta ya DA, unapata vijenzi vyote vitatu vya nguvu ya mguu huo. Mwingereza Richard Southwell aliieleza njia hii mwaka 1920, na bado ni nyepesi kuliko kutafuta sini na kosini. Chukulia kila mguu unavuta kichwa kuelekea chini. Jibu likitoka hasi, ujue mguu unasukuma, yaani umegandamizwa.

Kichwa kimetulia, kwa hiyo jumla ya vijenzi katika kila mhimili ni sifuri:

```
x:  3a - 2b - 2c = 0
y:  4b - 4c = 0
z: -4a - 4b - 4c - 10 = 0
```

Mstari wa pili unasema b na c ni sawa. Wa kwanza basi unatoa 3a = 4b, na wa tatu unatoa a + b + c = -2.5. Tunapata a = -1, b = c = -0.75. Zidisha kwa urefu: mguu A umegandamizwa kwa kilonyutoni 5, na B na C kwa 4.5 kila mmoja.

Hakiki kwa kujumlisha vijenzi vya wima. A unatoa 5 × 4/5, yaani 4. B na C inatoa 4.5 × 4/6, yaani 3 kila mmoja. Jumla ni 10, sawa na mzigo.

Usidhani A ndio mguu wa kuogopwa kwa kuwa nguvu yake ni kubwa. Bomba refu hupinda mapema: kwa bomba la aina moja, nguvu ya kulipinda hupungua kwa mraba wa urefu. Mguu wa mita 6 huhimili kama asilimia 69 tu ya ule wa mita 5, hivyo B na C ndiyo iko karibu zaidi na kupinda. Chini nako, mguu A unasukuma ardhi kwa nje kwa kilonyutoni 3. Kwenye sakafu laini utateleza, basi funga miguu yote kwa cheni.

Hatari kubwa ni kuvuta mzigo kando. Tuseme kichwa kinavutwa kwa kilonyutoni 6 kuelekea upande wa B, sambamba na mhimili wa y. Mstari wa pili unakuwa 4b - 4c + 6 = 0; mingine haibadiliki. Sasa a = -1, b = -1.5 na c = 0. Mguu B unabeba kilonyutoni 9, mara mbili ya mwanzo, na C haubebi kitu. Mvuto ukizidi hapo, c inakuwa chanya: mguu C unatakiwa kuvutwa, na kama haukushikwa ardhini utanyanyuka na stendi itaanguka.

Kwa hiyo, kabla ya kunyanyua, piga hesabu ya mzigo wima na ya mvuto mkubwa wa kando unaoutarajia. Mguu wowote ukitoka sifuri au chanya, usogeze au uufunge imara ardhini kwanza.