Mbegu ya dukani au punje za ghalani?

Swali: Je, mkulima wa mahindi wa Ipuli, Tabora, hufaidika akinunua mbegu iliyothibitishwa?

Jibu: Ekari moja huhitaji takribani kilo 10, na ikichukuliwa kwamba kilo ya mbegu ni shilingi 7,000 na ya punje 700, tofauti ni shilingi 63,000, yaani kilo 90 za mahindi, ambazo ongezeko la mavuno lisipozifikia, mnunuzi amepata hasara. Chotara, yaani mbegu ya mseto wa mistari miwili au zaidi, ikirudiwa kupandwa hupoteza nguvu, hivyo gharama hiyo hurudi kila msimu, ilhali mbegu ya uchavushaji huru huhifadhika misimu michache. Kwa kuwa Tabora ina msimu mmoja wa mvua, ukame wa mwanzo ukiua miche humlazimu mnunuzi kununua mbegu upya msimu huohuo, yaani kulipa mara mbili. Hivyo apande mvua ikishakolea, tena akague lebo ya TOSCI.