Talaka imetoka, nyumba bado ni moja: Nini kifanyike ndani ya eda?

Katika miji yetu talaka ikitamkwa usiku, asubuhi utaona mke anafungasha virago kurudi kwao. Hili ni kinyume na agizo la Allah (s.w.) katika Suratut-Talaq, aya ya kwanza: mume asimtoe mtalaka wake nyumbani ndani ya eda, wala yeye asitoke, isipokuwa amefanya uchafu ulio wazi. Katika talaka rejea, eda ni twahara tatu kwa anayepata hedhi, miezi mitatu kwa asiyepata, na kujifungua kwa mjamzito. Muda wote huo mume anabeba makazi na matumizi yake.

Tatizo ni namna ya kukaa. Tuchukue mfano wa wanandoa wa Tandika waliopanga vyumba viwili kwa shilingi 100,000 kwa mwezi. Wamelipa miezi sita, miwili imepita. Wana watoto wawili na duka.

Kwanza, iandikwe tarehe ya talaka mbele ya mashahidi wawili. Bila tarehe, wataishia kubishana kama eda imekwisha.

Pili, walale mbalimbali: mke na watoto chumba kimoja, mume kingine. Kwa madhehebu ya Shafi, mume hana ruhusa ya kumgusa wala kukaa naye faragha mpaka atamke kuwa amemrejea. Kodi iliyobaki ni ya miezi minne, na eda itachukua takriban mitatu. Waandikiane mapema nani atabaki mwezi wa mwisho, na mwenye nyumba aarifiwe.

Tatu, duka lihesabiwe siku ileile, akiwepo mzee anayeaminiwa na pande zote. Tuseme bidhaa na fedha taslimu ni 1,300,000, wateja wanadaiwa 100,000, na duka linadaiwa 200,000. Mali halisi ni 1,200,000. Kama mtaji wa mwanzo mume alitoa 600,000 na mke 400,000, na walikubaliana kugawana kwa kadiri ya mitaji, fungu la mke ni 480,000 na la mume 720,000. Tangu hapo mauzo yaandikwe kila jioni na wote watie saini. Daftari likikosa saini siku mbili tatu, ujue ugomvi umeanza. Mzee aitwe kabla fedha hazijapotea.

Nne, ada na chakula cha watoto visipitie mikononi mwao. Mtoto akianza kutumwa, "Mwambie baba yako," basi amekwisha kufanywa tarishi wa ugomvi. Wazazi waambiane wenyewe, au kwa karatasi.

Hata hivyo, utaratibu huu una mpaka. Mke akipigwa au akihofia maisha yake, sheria inamruhusu kuhamia penye usalama, na haki yake ya matumizi inabaki. Na kama talaka ni ya tatu, hakuna tena kurejeana ndani ya eda. Wasiachwe peke yao chini ya paa moja.