Mgeni Akitoa Pesa kwa Kadi ya Nje: Ada Mbili, Wenyewe Wawili

Kila msimu wa likizo, nyumba nyingi za Mji wa Kale hujaa wageni. Wengine ni jamaa zetu wanaoishi Uingereza, Muscat au Dubai, na wengine ni watalii waliokodi chumba karibu na Ndia Kuu. Wote hufika wakati wakahitaji shilingi taslimu. Mwenyeji huwapeleka kwenye mashine ya kutolea pesa, mara nyingi kwenye barabara kubwa nje ya vichochoro, kama vile Nkrumah, Digo au Moi. Pesa hutoka bila tatizo. Siku mbili baadaye mgeni anafungua simu yake na maneno yanaanza.

"Khaloo, mashine ile imenikata mara mbili," kijana anamwambia mwenyeji wake. "Nilitoa elfu ishirini, benki yangu imeandika kingine, halafu kuna makato mengine chini yake."

Hapo ndipo lawama huzuka. Huyu anamshuku mlinzi wa benki, yule anamshuku mwendesha tuktuk aliyesimama karibu, na wakati mwingine anayeshukiwa ni mwenyeji mwenyewe. Mara nyingi hakuna aliyeibiwa. Mgeni ametozwa ada mbili halali na taasisi mbili zisizohusiana, moja iliyoko hapa Mombasa na nyingine iliyoko alikotoka. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuzitenganisha, ili uweze kumwonyesha mgeni wako, risiti ikiwa mkononi.

Ada ya kwanza ni ya mwenye mashine. Mwenye mashine anaweza kuwa benki au kampuni inayoendesha mashine peke yake bila ya kuwa benki. Yeye ndiye anayeinunua, anayeijazia noti, anayelipia ulinzi, umeme na laini ya mawasiliano. Kadi ya mteja wake humhudumia kwa bei yake ya kawaida, lakini kadi ya benki ya nje haimletei akaunti wala akiba, kwa hiyo huidai ada ya matumizi. Ada hii huwa ni kiasi maalumu kwa kila mara unayotoa, bila kujali umetoa elfu mbili au elfu ishirini. Haikuwapo siku zote. Huko Marekani, kwa mfano, mitandao mikubwa ya kadi iliwazuia wenye mashine kutoza ada ya aina hii hadi 1996, marufuku ilipoondolewa.

Dalili ya ada hii ni kwamba huonekana kabla ya pesa kutoka. Baada ya mgeni kuandika nambari ya siri na kiasi anachotaka, mashine husimama na kuonyesha ujumbe unaosema kuwa kadi hii itatozwa shilingi kadhaa, huku ikimwuliza kama anakubali. Kwenye skrini nyingi ada hiyo huitwa `Access fee`. Akibonyeza kukataa, kadi hurudi, hakuna kilichokatwa, na anaweza kujaribu mashine ya jirani. Wenye mashine hawatozi sawa, na wapo wasiotoza kabisa, kwa hiyo kutembea hatua mia moja zaidi kunaweza kuwa na faida. Ubaya ni kwamba watu husoma ujumbe ule kwa haraka, wakihofia foleni iliyo nyuma yao, na hubonyeza kukubali kama wanavyofanya nyumbani kwao.

Ada ya pili ni ya benki iliyotoa kadi. Mashine ya hapa haiijui kabisa, haiwezi kuionyesha kwenye skrini, na haiwezi kuiandika kwenye risiti. Benki ya mgeni huitoza kwa sababu zake. Fedha za kigeni zimetumika, na zaidi ya hayo, pesa zinapotolewa kwenye mashine ya mwingine, benki iliyotoa kadi ndiyo inayomlipa mwenye mashine kiasi fulani kupitia mtandao wa kadi. Hili ni kinyume cha malipo ya dukani, ambako mwenye duka ndiye hubeba gharama. Basi benki huihamishia gharama ile kwa mteja na kujiongezea chake. Ada hii mara nyingi ni asilimia ya kiasi kilichotolewa, au kiasi maalumu, au asilimia yenye kima cha chini. Zipo pia benki zisizotoza chochote.

Kinachowachanganya watu ni jinsi ada hizi mbili zinavyoonekana kwenye taarifa ya akaunti. Ada ya mwenye mashine haiji kama mstari wake peke yake. Huunganishwa na pesa zilizotolewa, na vyote viwili husafiri kwenda kwa benki ya mgeni kama jumla moja. Ada ya benki, kwa upande wake, huweza kuandikwa mstari tofauti, pengine siku ya pili au ya tatu, hesabu ikishafungwa. Kwa hiyo mgeni huona jumla asiyoitambua, kisha makato mengine ya baadaye, na anahisi kuna mtu aliyerudi kwenye akaunti yake usiku.

Tufanye hesabu. Viwango vilivyomo hapa ni vya mfano tu, vimechaguliwa ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme pauni 1 ni shilingi 170, mwenye mashine anatoza shilingi 500, na benki ya mgeni inatoza asilimia 3, lakini si chini ya pauni 3. Kijana wetu anatoa shilingi 20,000.

Kinachotumwa Uingereza si 20,000 bali ni 20,500. Ukigawanya kwa 170 unapata pauni 120.59. Benki yake inachukua asilimia 3 ya hiyo, yaani pauni 3.62. Angalia kwamba asilimia imepigwa hata juu ya zile shilingi 500, ada juu ya ada. Jumla iliyotoka kwenye akaunti ni pauni 124.21. Ukizirudisha kwenye shilingi, gharama ya kupata elfu ishirini mkononi ni takriban 1,115: zile 500 za mwenye mashine na takriban 615 za benki yake.

Sasa tuseme kijana huyo aliogopa kutembea na pesa nyingi, akatoa elfu tano mara nne. Kila mara mwenye mashine amechukua 500, na kila mara asilimia 3 imekuwa ndogo kuliko kima cha chini, kwa hiyo benki imechukua pauni 3 kamili. Mara nne, hiyo ni shilingi 2,000 kwa mwenye mashine na pauni 12, yaani shilingi 2,040, kwa benki. Amelipa 4,040 kwa pesa zilezile elfu ishirini. Tofauti ya karibu shilingi 2,925 ingetosha kuwalisha watu kadhaa biriani. Hofu yake ina maana, na mimi simwambii mtu abebe kitita mfukoni akipita sokoni Marikiti. Lakini mara moja kisha pesa zikahifadhiwa nyumbani huwa ni nafuu kuliko safari nne.

Kuna jambo moja ambalo si ada kwa jina, ila huuma zaidi ya zote mbili. Baadhi ya mashine, baada ya ujumbe wa ada, humwuliza mgeni kama angependa kukatwa kwa sarafu ya kwao. Huonyeshwa kiasi kwa pauni, kwa herufi kubwa, na hilo linaonekana kama ukarimu. Anayefanya ubadilishaji huo ni upande wa mwenye mashine, kwa kiwango chake. Tuseme kiwango hicho ni 160 badala ya 170. Shilingi 20,500 zinakuwa pauni 128.13. Na benki nyingi bado hutoza asilimia yao kwa sababu pesa zimetolewa nje ya nchi, hivyo jumla inafika karibu pauni 131.97. Ni zaidi ya pauni 7 ya ile hesabu ya kwanza, na hakuna mahali kwenye risiti palipoandikwa kuwa ni ada.

Mgeni aseme hapana. Kwenye skrini chaguo hilo huandikwa `Decline conversion` au `Continue without conversion`. Neno la kukataa huwatisha watu, wakadhani wanafuta shughuli nzima. Hawaifuti. Wanakataa kiwango cha mashine tu. Noti zitatoka vilevile na ubadilishaji utafanywa na mtandao wa kadi na benki yake.

Mgeni akija kwako na malalamiko, mwombe kwanza risiti, kisha taarifa ya akaunti. Risiti itaonyesha kiasi kilichotoka na ada ya mwenye mashine, vyote kwa shilingi. Taarifa za benki nyingi huandika kiasi cha asili kwa shilingi pembeni ya pauni. Hapo ndipo jibu lilipo. Mashine hutoa noti nzima, kwa hiyo kijana aliyepokea 20,000 akiona 20,500 kwenye taarifa, ile 500 iliyozidi ni ya mwenye mashine, na alionyeshwa kabla ya kukubali. Mstari wa pili ulioandikwa kwa pauni, usio na shilingi pembeni, ni wa benki yake. Kuupeleka mstari huo kwenye tawi la Barabara ya Nkrumah ni kupoteza asubuhi. Tawi haliuoni, halikuutoza, na haliwezi kuurudisha.

Mambo ni tofauti ukiona kiasi kamili, 20,500, kimeandikwa mara mbili. Mara nyingine wa kwanza ni zuio la muda ambalo huondoka lenyewe baada ya siku chache. Likibaki, au kama akaunti ilikatwa na noti hazikutoka, mgeni aiarifu benki iliyotoa kadi mapema, hata kama bado yuko hapa. Benki hiyo ndiyo inayofungua madai kupitia mtandao wa kadi. Itahitaji tarehe, saa, kiasi na nambari ya mashine iliyo kwenye risiti. Kama risiti haikutoka, apige picha mashine na jina la mwenyewe lililobandikwa juu yake.

Mkaazi wa Mombasa anayesafiri naye hukutana na ada hizihizi, upande wa pili. Ukienda Unguja, Dubai au Umra na kadi ya benki ya Kenya, mwenye mashine wa kule anaweza kudai chake kwenye skrini, na benki yako ya hapa itakutoza chake, ambacho huongezewa ushuru wa bidhaa wa serikali. Kabla ya safari, ulizia tawini orodha ya ada na usome mstari wa kutoa pesa nje ya nchi, siyo ule wa mashine za benki nyingine nchini, maana bei zake huwa tofauti. Mwongozo wa Benki Kuu ya Kenya wa 2013 kuhusu ulinzi wa wateja unazitaka benki ziwaeleze wateja gharama za huduma zao, kwa hiyo usisite kuiomba orodha hiyo kwa maandishi. Uliza pia kama kuna kima cha chini, kwa sababu hicho ndicho kitakachokuambia utoe mara moja au mara nne.